Kubana au L'Hôpital: ipi inafaa kwa x² sin(1/x) / sin x?

Kijana_Kiboriloni (Moshi)
Shikamooni wakubwa. Nasoma PCM, kidato cha sita. Kwenye tuisheni tumeachiwa limiti hii, x ikikaribia 0:

x² sin(1/x) / sin x

Wenzangu wanasema ni 0/0, kwa hiyo ni L'Hôpital moja kwa moja. Mimi naona ibanwe kati ya fanksheni mbili rahisi, ila sijui nichague zipi. Ipi njia salama?

Fundi_Kisongo
Bana tu, dogo. sin(1/x) haitoki nje ya -1 na 1. Zidisha kote kwa x²/sin x: chini unapata -x²/sin x, juu x²/sin x. Zote zinakwenda 0, na ya katikati haina pa kukimbilia. Mistari mitatu, umemaliza.

Mwl_Sakina (Arusha)
Marahaba kijana. Jibu la Fundi ni sahihi, 0. Ila njia yake inasimama upande wa kulia wa sifuri tu. Weka x = -0.1. Hapo x²/sin x ni kama -0.1, yaani ukuta unaouita wa juu umeshuka chini ya ule wa chini. Ukizidisha kwa namba hasi alama zinageuka, na msahihishaji makini atakukata hapo hapo.

Dawa yake ni modulasi. Andika modulasi ya hiyo fanksheni kama

|x| · |x/sin x| · |sin(1/x)|

kisha shughulika na kila kipande. Cha mwisho hakizidi 1. Cha katikati hakizidi 2 mradi x iko kati ya -1 na 1 na si sifuri, kwa sababu humo |sin x| haipungui chini ya nusu ya |x|. Kwa hiyo yote haizidi 2|x|. Kuta zako ni -2|x| na 2|x|, pande zote mbili za sifuri, na zote zinafika 0. Hiyo 2 ni kubwa kuliko inavyohitajika, lakini hakuna anayekudai ukuta ugusane na fanksheni. Kinachodaiwa ni kuta mbili zikutane sehemu moja.

Sasa wenzako wa L'Hôpital. 0/0 ni kweli. Wakidifrenshieti juu na chini watapata

(2x sin(1/x) - cos(1/x)) / cos x

2x sin(1/x) inakufa. cos(1/x) haifi. Weka x = 1/(100π), unapata karibu -1. Sogea kidogo tu hadi x = 1/(101π), unapata karibu 1. Itaruka hivyo bila kutulia hata ukiikaribia sifuri kiasi gani. Wengi wakifika hapa huandika "limiti haipo", na ndilo kosa lenyewe. L'Hôpital inaahidi jibu pale tu mgawanyo huo mpya unapokuwa na limiti (au unapokwenda infiniti). Usipokuwa nayo, kanuni imenyamaza. Haijasema lolote kuhusu swali la mwanzo.

Mama_Njiro
Samahani mwalimu, mbona daftari la mwanangu wa kidato cha tano lina x sin(1/x) na jibu ni 1, tena amewekewa vema? Ninyi hapa mnapata 0.

Mwl_Sakina
Mama, angalia chini ya "lim" kwenye hilo daftari, bila shaka x inakwenda infiniti. Huko 1/x inakuwa ndogo, na sin ya namba ndogo inakaribiana na namba yenyewe. Chukua x = 10, ukiwa kwenye radiani: 10 × sin(0.1) ni 0.998. Kuta za -|x| na |x| bado ni za kweli kule, lakini moja inakwenda juu kabisa na nyingine chini kabisa, kwa hiyo hazibani kitu.

Kijana_Kiboriloni
Asante mwalimu. Kwa hiyo nikiona sin(1/x) nisahau L'Hôpital kabisa?

Fundi_Kisongo
Usisahau, dogo. Hiyo ya mama geuza 1/x iwe t, inakuwa sin t / t, L'Hôpital inakupa 1 kwa mstari mmoja.

Mwl_Sakina
Na ili ujue kwamba sin ukiidifrenshieti inakuwa cos, ulihitaji limiti ya sin t / t kwanza. Unazunguka, Fundi. Hiyo hubanwa kati ya cos t na 1 kwa kulinganisha maeneo kwenye duara.

Fundi_Kisongo
Mwalimu, cos nimepewa, naitumia. Mtihani hauniulizi niliipata wapi.

Mwl_Sakina
Ukiambiwa "thibitisha" utaulizwa.