Uranus kukabili nafasi yake ya kuzaliwa, nyie wa 42 mpaka 44 tupeane uzoefu

Mtoto_wa_Kikwajuni
Asalam aleikum jamani. Nimesoma kuwa Uranus inalizunguka jua kwa miaka 84, kwa hiyo ukifika 42 inakuwa upande wa pili kabisa, inaitazama ile sehemu iliyokuwepo siku uliyozaliwa, na wanajimu wanasema hapo ndo mtu anaacha kazi, anaacha mke, anahama mji. Mie nimezaliwa Machi 1983, nimetimiza 43 na sijaona kitu. Mlopitia tuambieni ilikuaje.

UmmuWatatu
Umenigusa pabaya. Mume wangu ni mtu wa Mtambile, miaka 19 tuko pamoja, hajawahi kulala nje bila kuaga. Juni 2024 akaanza kununa, kazini kwake kagombana na mkubwa wake, nyumbani akirudi anakaa barazani peke yake mpaka usiku, ukimuuliza anasema "kifua kinanibana". Nikampeleka hospitali wakampima moyo, wakasema mzima. Novemba Jumamosi moja akatoka kwenda Darajani kununua mkate wa kula na supu, mie nna sufuria jikoni, saa tatu kimya, saa sita kimya, simu imezimwa. Nimezunguka mpaka Malindi na mwanangu wa mwisho mgongoni. Saa kumi akapiga, yuko Dar. Kapanda boti na mfuko wa mkate mkononi. Anasema "sikukukimbia weye, nilikuwa nashindwa kuvuta pumzi". Nilikaa chini pale pale njiani, watu wakadhani nimefiwa. Miezi minne na kitu akawa anatuma pesa tu. Aprili 2025 karudi, lakini kazi ile hakurudia, sasa anatengeneza vidau na ndugu yake. Sijui ni nyota au nini, ila tarehe hizo sitozisahau.

bi_Paje
Hata mie, 43, niliuacha mwani nikafungua cherehani.

Kombo_Mkoani
Pole sana dada. Huyo alikuwa na mwanamke Dar, tusizungushane na sayari.

UmmuWatatu
Alikuwa kwa kaka yake Temeke, na kaka yake mtu wa sala. Usimzulie mtu usiyemjua.

Salum_kiraka
Hiyo si Uranus, hiyo Zohali. Zohali ndo inarudi ikamsumbua mtu, babu yangu alikuwa na kitabu cha falaki na hiyo Uranus hamna.

Mtazama_anga_Wete
Salum nusu umepata. Kwenye vitabu vya wazee zipo saba tu, jua na mwezi zikiwemo, na ya mwisho ni Zohali, kwa sababu Uranus ilikuwa haijajulikana. Herschel aliigundua 1781 kwa darubini. Lakini Zohali inarudi mahali pake kwenye miaka 29 na nusu, hiyo ni hesabu nyingine. Wanajimu wa Ulaya ndo waliofanya Uranus nyota ya mageuzi na kukata minyororo, wanasema iligunduliwa wakati Wamarekani wako vitani na Waingereza na miaka minane kabla ya mapinduzi ya Ufaransa. Sasa hiyo nyota ya kukata minyororo ikisimama kinyume na nafasi yake ya kuzaliwa, kwao maana yake ni kile ulichokibana ndani nusu ya umri kinakudai.

UmmuWatatu, kazaliwa lini mumeo?

UmmuWatatu
Cheti kinasema 1 Januari 1981. Lakini mama mkwe anasema si kweli, alizaliwa vuli ya 1980, Novemba, karafuu ziko majamvini. Cheti walikiandika baadae akiingia skuli.

Mtazama_anga_Wete
Basi hapo ndo penyewe. Katikati ya Novemba 1980 Uranus ilikuwa kama digrii 25 ya Nge. Mkabala wake ni digrii 25 ya Ng'ombe. Ukifungua jedwali la sayari utaona imefika hapo katikati ya Juni 2024, ikaenda mbele kidogo, Septemba ikaanza kurudi nyuma, ikapita tena pale pale katikati ya Novemba, ikageuka mwisho wa Januari, ikapita mara ya tatu mwanzoni mwa Aprili 2025. Ndo maana wanajimu hawasemi siku moja, wanasema mara tatu: ya kwanza unahisi kubanwa, ya pili unafanya, ya tatu unakaa sawa.

UmmuWatatu
Subhanallah. Juni, Novemba, Aprili. Mwili umenisisimka.

mwl_Chake
Mie nasomesha jografia, naomba niulize kwa heshima. Ukifuata cheti je?

Mtazama_anga_Wete
Ukifuata cheti inakuwa digrii 28 na 2024 yote haikufika huko, iliishia 27 na kidogo. Ingemgusa katikati ya 2025 mpaka 2026.

mwl_Chake
Yaani mtu ashaondoka, kashapata kazi mpya, karudi, ndo inaanza. Kwa hiyo mmechagua tarehe iliyokubaliana na kisa. Ingekuwa kaondoka katikati ya 2025 mngesema cheti ndo sahihi na bibi kasahau.

UmmuWatatu
Mwalimu, mama hakusema hayo kwa ajili ya nyota. Anayasema tangu nimeolewa.

mwl_Chake
Nakubali dada, simtilii shaka mama. Natilia shaka njia. Na jengine, wote tuliozaliwa mwezi ule tunayo Uranus pale pale. Darasa letu tulikuwa arubaini na kitu, mbona hawakupanda boti wote?

Abu_Naima
Ndugu zangu, haya ya kuamini nyota zinampeleka mtu ni khatari kwenye imani. Ondoeni huu mjadala.

bi_Paje
Ustadh mbona watu wanasimulia yaliyowakuta tu. Anayeogopa asisome.

Abu_Naima
Siogopi, nanasihi.

Mtazama_anga_Wete
Swali la mwalimu ni zito na halina jibu la kumaliza. Wanajimu wanajibu kuwa rika zima linapata mtikisiko, ila pahala pa kutikisika, kazi au ndoa au nyumba, panategemea saa uliyozaliwa. Mie naona jibu hilo linaweza kuingia kila kisa, na hapo nakubaliana nae. Ila naendelea kuandika tarehe za watu.

Omar_wa_Bububu
Mnasema 42 halafu mifano yote 43, 44. Baba yangu wa 1942 mwanzoni, kaacha kazi ya serikali mwisho wa 1981 ana 39. Yeye imemkosa?

Mtazama_anga_Wete
Haikumkosa, baba yako ndo kaipata kwa wakati wake. Njia ya Uranus si duara kamili. 1966 ilikuwa karibu zaidi na jua, huko inakwenda mbio, na nusu ya baba yako ilipita hapo. 2009 ilikuwa mbali kabisa, huko inajikokota, na sie wa miaka ya themanini tumepewa nusu hiyo. 42 ni wastani tu. Mtoto wa Kikwajuni, weye wa Machi 1983 ni digrii 9 ya Mshale, kwa hiyo yako ni 2027 na 2028. Bado.

Mtoto_wa_Kikwajuni
Yaa Rabi, na mie nimechukua mkopo wa miaka mitano mwezi uliopita.

Kombo_Mkoani
Usiache kazi mpaka umalize mkopo.

bi_Paje
Kikikubana acha mapema, mie nilingoja nikaumwa presha.

Salum_kiraka
Muoe wa pili utulie.

UmmuWatatu
Salum ushauri huo mpe ndugu yako. Mtazama anga, saa ya kuzaliwa tunaipataje na watu walizaliwa nyumbani?

Mtazama_anga_Wete
Muulize mama kwa sala. Kabla ya adhana gani, jua liko wapi. Ukikosea nusu saa Uranus haitojali, inatembea kama digrii nne tu kwa mwaka mzima. Lakini ile sehemu ya kazi au ndoa inaweza kuhama.

UmmuWatatu
Ijumaa tunakwenda Mtambile. Mkunga aliyemzalisha yu hai bado, ntamuuliza yeye na mama kila mmoja peke yake, nione kama watasema adhana moja.

mwl_Chake
Hiyo sasa ndo njia. Yaandike kabla hujamwambia yeye wa Wete.