Muhtasari wa kikao cha saiti: maazimio yabaki ndani ya muhtasari, au daftari moja linaloendelea?

Katibu_wa_Saiti
Wakuu, habari za kazi. Mradi wetu ni jengo la wodi, na kikao ni kila Jumanne: mkandarasi, mhandisi mshauri na mwakilishi wa mteja. Naandika muhtasari kwenye Word, wahusika wa kila azimio nawaweka safu ya pembeni. Tatizo ni kwamba yatokanayo yanakula nusu ya kikao, na kila wiki nanakili mambo yaleyale. Nafikiria kuhamishia maazimio kwenye jedwali moja la Excel hadi siku ya makabidhiano. Nyie mnatumia njia gani?

Fundi_Bomba
Hamia WhatsApp tu, mkuu. Kikao kikiisha, weka maazimio kwenye grupu na umtaje kila mtu. Sisi hakuna anayesema hakuona.

Mshauri_Pwani
Fundi yuko sahihi kwenye kukumbushana, lakini grupu halikuonyeshi kilichobaki wazi. Ujumbe wa wiki tatu nyuma umeshazama chini ya picha za zege.

Katibu, usichague kimoja, maana ni vitu viwili tofauti. Muhtasari unaeleza siku ile: nani alikuwepo, nini kiliamuliwa na kwa sababu gani. Ukishathibitishwa na kusainiwa hauguswi tena. Kosa likionekana, linarekebishwa kwa maandishi kwenye muhtasari unaofuata. Jedwali linabeba kazi, nalo hubadilika kila siku. Kinachoviunganisha ni namba. Azimio la nne la kikao cha 9 ni 9.4, na linabaki 9.4 hata likifungwa kikao cha 14.

Chukua mfano wa madirisha. Kikao cha 9, Jumanne 11/3, kimeamua fremu za mbao ziwe za alumini kwa sababu ya unyevu. Huo ni uamuzi: unakaa kwenye muhtasari pamoja na sababu yake, hauna tarehe ya mwisho. Kazi inayozaliwa hapo ndiyo inaingia kwenye jedwali:

```
Na.             9.4
Kazi            Kuwasilisha sampuli ya fremu kwa mshauri
Mhusika         Msimamizi wa saiti (mkandarasi)
Tarehe ya awali 14/3
Tarehe mpya     21/3
Ilipofungwa
```

Tazama safu mbili za tarehe. Wengi wakiahirisha hufuta 14/3 na kuandika 21/3, halafu 28/3, na jedwali linaonekana safi ilhali madirisha yamechelewa wiki mbili. Tarehe ya awali isifutwe kamwe. Na mhusika awe mtu mmoja. Ukiandika "mkandarasi na mshauri", kila mmoja atamngoja mwenzake.

Mama_Kikoba
Kwenye kikundi chetu muhtasari unasomwa wote kwa sauti ndipo tunathibitisha. Jedwali halitawanyima wanachama haki ya kusikia yaliyosemwa?

Katibu_wa_Saiti
Dada, kwetu muhtasari unatumwa siku moja baada ya kikao, kwa hiyo kila mtu anafika ameshausoma. Mshauri, nitajuaje zilizopitiliza bila kupekua mstari kwa mstari?

Mshauri_Pwani
Tuseme D ni tarehe ya awali, E tarehe mpya, F ilipofungwa. Safu ya G weka hii, uiburute hadi chini:

```
=IF(AND(F2="",MAX(D2:E2)<TODAY()),"IMECHELEWA","")
```

Kazi uliyosahau kuipa tarehe nayo itasoma IMECHELEWA, na ndivyo inavyotakiwa. Tarehe za mwisho ziwe Ijumaa au Jumatatu, ili Jumatatu jioni utume jedwali likiwa limesasishwa. Kwenye kikao mnajadili zilizochelewa peke yake. Hapo ndipo nusu ya kikao inayoliwa na yatokanayo itarudi.

Mkadiriaji
Naongeza jambo moja linalouma. Uamuzi wa alumini una gharama. Muhtasari, hata ukisainiwa na wote, usiuchukulie kuwa ndio kibali cha kubadilisha kazi. Mikataba mingi inataka maelekezo ya maandishi ya mhandisi. Kwa hiyo 9.4 peke yake haitoshi. Fungua 9.5: mshauri atoe maelekezo ya mabadiliko, kwa tarehe. Nimeona mkandarasi akidai malipo ameshika muhtasari mkononi, na madai yakarudishwa.

Mshauri_Pwani
Kweli kabisa, nilipaswa kuanza na hiyo 9.5.

Fundi_Bomba
Sawa, nimeelewa. Ila nani anafunga kazi? Kwetu fundi akisema "tayari", katibu anaweka alama.

Mshauri_Pwani
Mimi nafunga kwa ushahidi tu: barua ya kupokea sampuli, au picha yenye tarehe. Neno "tayari" halifungi kitu.

Mkadiriaji
Hapo tunatofautiana, mkuu. Ukidai ushahidi kwa kila kazi ndogo, katibu atashinda akifukuzia picha. Mimi nadai kwa zenye gharama au zinazozuia kazi nyingine, zilizobaki mhusika anajifungia mwenyewe.

Katibu_wa_Saiti
Jumanne naanza na jedwali, na kila uamuzi wenye gharama naufungulia kazi kama hiyo 9.5. Hilo la nani afunge nitalipeleka kwenye kikao, maana mwakilishi wa mteja atataka zote zipitie kwake.