Mkaguzi kaliona kosa, kaliacha: ni sawa?

Mwanachama wa Moro: Wakuu, niko kwenye SACCOS ya kazini. Mkaguzi katoa hati inayoridhisha, lakini barua yake kwa bodi ina jedwali la makosa yasiyorekebishwa, jumla shilingi milioni 7. Kama kayaona, kwa nini yamebaki? Huku si kufichiana?

Mchumi Kijana: Hakuna cha ajabu hapo, mkuu. Viwango vya ukaguzi vinaruhusu kosa lisilozidi asilimia 5 ya faida. Kama ziada yenu ni milioni 140 kwenda juu, mko salama. Ndiyo sheria.

Mama Kibanda: Salama ya wapi? Mimi muuzaji wangu alipunguza laki 3 kwenye droo, nikamfukuza siku hiyo hiyo. Ninyi milioni 7 mnaita ndogo! Semeni nani kaziiba.

Mwanachama wa Moro: Mama, hakuna aliyeiba, angalau jedwali halisemi hivyo. Kuna bili ya umeme ya Desemba, milioni 2.4, imeingizwa Januari. Na kuna riba ya milioni 4.6 ya mikopo iliyokwama: wakopaji hawalipi lakini riba imeendelea kuhesabiwa kuwa mapato. Ziada yetu ni milioni 200.

Mzee wa Leja: Nimekagua vitabu vya watu kwa miaka mingi, naomba nafasi. Kijana kapatia nusu. Hiyo asilimia 5 ni mazoea ya ofisi za ukaguzi. ISA 320, mojawapo ya viwango vya kimataifa vya ukaguzi, inaitaja kama mfano tu, tena kwa kiwanda kinachotafuta faida. Mkaguzi huchagua kiwango chake kwa kujiuliza kosa la ukubwa gani lingemfanya msomaji wa hesabu hizi aamue vingine. Kiwango hicho kinampangia achimbe kwa kina gani. Hakimpi mtu yeyote ruhusa ya kukosea hadi hapo.

Akishaliona kosa, ISA 450 inamtaka aliandike na aombe menejimenti ilirekebishe, hata kama ni dogo. Yanayoachwa bila kuandikwa ni yale madogo mno, ya kiasi ambacho hata yakirundikana hayatikisi kitu. Menejimenti ikikataa, anauliza sababu, kisha anadai barua yenye sahihi yao kwamba kwa maoni yao makosa hayo hayana uzito, na orodha inaambatanishwa. Hesabu ni mali ya bodi. Mkaguzi hawezi kuzibadilisha, yeye anaamua hati tu. Kwa hiyo, ndugu wa Moro, swali lako liulize bodi.

Na Mama Kibanda, wizi haupimwi kwa asilimia. Laki 3 ikichukuliwa na meneja inamfanya mkaguzi atilie shaka kila karatasi ambayo meneja huyo aliitia sahihi.

Dada Vitabu: Niwatetee wahasibu kidogo. Mkaguzi anakuja na kosa lake wakati hesabu zimeshapita kwa bodi, kodi imeshakokotolewa na vitabu vya mkutano viko kwa mchapaji. Ukigusa bili ya milioni 2.4, inabadilika ziada, inabadilika kodi, inabadilika akiba ya lazima, na kila ukurasa unaotaja namba hizo. Na makosa mengine hayana hata pa kuyaingiza: mkaguzi kachukua sampuli ya vocha chache, akakuta kasoro, akakadiria kwamba kwa vocha zote itakuwa kiasi fulani. Utarekebisha akaunti ya nani kwa kukadiria?

Mchumi Kijana: Lakini hayo mawili ya Moro si makadirio. Bili ipo, riba ipo. Mfumo wa kompyuta unabadilisha kurasa zote kwa dakika moja. Mimi naona "vitabu viko kwa mchapaji" ni uvivu tu.

Mzee wa Leja: Hapo nakuunga mkono, kijana. Lakini mimi kinachonisumbua ni ile riba. Ndugu wa Moro, jedwali la mwaka uliotangulia lilikuwa na nini?

Mwanachama wa Moro: Nimelipata kwa mjumbe wa bodi. Lina mstari mmoja: riba ya mikopo hiyo hiyo, milioni 4. Nayo haikurekebishwa.

Mzee wa Leja: Basi tupige hesabu. Tuseme kiwango chake ni milioni 10, yaani asilimia 5 ya 200. Ukitazama mapato na matumizi ya mwaka huu peke yake, kosa ni 4.6 na 2.4, jumla milioni 7. Liko chini ya kiwango. Sasa geukia mizania. Riba ya kupokea imebeba milioni 4 za mwaka uliotangulia pamoja na 4.6 za mwaka huu, yaani milioni 8.6 ambazo pengine hazitalipwa kamwe. Ongeza bili ambayo haikuonyeshwa kuwa deni. Mali zenu halisi zimezidishwa kwa milioni 11. Hapo kiwango kimevukwa.

Hivi ndivyo kosa dogo linavyokua bila mtu kulaumiwa: kila mwaka linapimwa peke yake, kila mwaka linaonekana dogo. Mwaka 2006 tume inayosimamia masoko ya mitaji Marekani iliagiza makampuni yapime kwa njia zote mbili. ISA 450 inamtaka mkaguzi afikirie makosa ya nyuma, ila haimwambii atumie njia ipi.

Dada Vitabu: Na ukiyasahihisha yote leo, ziada ya mwaka huu inabeba mzigo wa mwaka jana. Wanachama watapata gawio dogo kwa kosa lisilo la mwaka wao.

Mwanachama wa Moro: Mwenyekiti alijisifu kwamba ziada imepanda kutoka 195 hadi 200.

Mzee wa Leja: Tazama basi. Ukirudisha kila kosa mwaka wake, ziada ilikuwa 191 ikawa 193. Imepanda, kidogo. Ukibebesha mwaka huu yote, ni 195 kushuka hadi 189. Kosa likiweza kugeuza kupanda kuwa kushuka, asilimia pekee haitoshi kulipima. Na IAS 8, kiwango cha kimataifa cha uhasibu, ni kali kuliko wengi wanavyodhani: kosa dogo likiachwa kwa makusudi ili hesabu zionekane namna fulani, hesabu hizo hazijafuata viwango, hata kama ni dogo. Kazi ni kuthibitisha makusudi.

Bonde la Ufa: Msisahau Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani. Mwaka 1997 wakaguzi wao, Arthur Andersen, walipendekeza marekebisho ya dola milioni 51. Kampuni ikakataa, wakaguzi wakayaacha kuwa madogo. Faida ya mwaka huo ilikuwa milioni 105! Walipima kwa faida ya "mwaka wa kawaida", wakidai 1997 ulikuwa mwaka mbaya tu.

Mzee wa Leja: Na kupima kwa wastani wa miaka si dhambi, faida ikiyumba hata mimi nimefanya. Ila nusu ya faida iliyotangazwa? Novemba 2001 wakayarekebisha, na mwezi uliofuata kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi.

Mchumi Kijana: Basi jedwali lisomwe kwenye mkutano mkuu, wanachama waone. Shida yote imekwisha.

Dada Vitabu: Imekwisha vipi? Kila mstari utazua kelele kama za Mama Kibanda, na mwakani wahasibu watabishana na mkaguzi kila kosa lisiingie kwenye orodha kabisa. Leo wanayakubali kwa sababu yanaishia kwa bodi.

Mama Kibanda: Kelele zangu zina pesa zangu ndani, mwanangu.

Mwanachama wa Moro: Mkutano ni Jumamosi. Nitauliza riba tu: kwa nini miaka miwili, na nani aliamua.