Tupeane uzoefu: Mwekezaji alikubana wapi ulipomwomba mtaji?

Mkamuzi wa Singida: Nimekumbuka kikao chetu cha msimu uliopita. Kinu cha alizeti tulikuwa nacho tayari, kwa hiyo tuliomba shilingi milioni 18 za kununulia magunia 300 wakati wa mavuno, kila gunia 60,000, naye angerudishiwa mtaji pamoja na nusu ya faida baada ya miezi minane. Gunia lingetoa lita 18 za mafuta, yaani 90,000 kwa bei ya jumla, na mashudu ya 16,000. Tukiondoa mbegu, na 16,000 za umeme, vibarua na madumu, inabaki faida ya 30,000. Mzee yule hakugusa jumla yetu ya milioni 9. Aliuliza: "Mbegu zikiwa na mapepe, gunia likatoa lita 15, je?" Kaka yangu akakokotoa palepale: faida ya gunia inashuka hadi 15,000, na ya msimu mzima inabaki milioni 4.5. Mzee akatoa milioni 9 kwanza, akasema nyingine zitafuata akishaona daftari la ukamuaji wa magunia 150 ya mwanzo.

Bi Mayai: Mimi nilikopa kwenye saccos kwa ajili ya kuku, na marejesho yalianza kabla hawajataga.

Kalamu Nyekundu: Pole, dada, lakini huo ni mkopo, hapa tunazungumzia mtu anayegawana nawe faida. Mkamuzi, milioni 18 zinaishia kwenye mbegu. Je, zile milioni 4.8 za umeme, vibarua na madumu zilitoka wapi?

Mkamuzi wa Singida: Tulizitoa mfukoni na kwenye mauzo ya mafuta ya mwanzo. Naye aliliuliza hilo, tena kwa ukali.

Mjasiriamali Huru: Mngempa hisa asilimia 30 mkamaliza. Biashara ingehesabiwa kuwa na thamani ya milioni 60.

Kalamu Nyekundu: Milioni 60 pamoja na fedha zake, ndugu yangu. Bila hizo ni milioni 42. Kinu na jengo vinafika hapo? Halafu mwenye hisa anadai gawio kila msimu, hata ule ambao hakununua gunia moja.

Mjasiriamali Huru: Lakini mwenye hisa anabeba na hasara. Huyo mzee wenu, mafuta yakiporomoka bei, mngemrudishia milioni 18 kamili?

Mkamuzi wa Singida: Mkataba unasema mtaji unarudi kwanza. Hasara hatukuiandika.

Bi Mayai: Basi na wewe umekopa kama mimi, tofauti ni jina tu.

Kijana wa Mashudu: Naunga mkono. Ila nenda na sampuli ya mafuta, hata mzee mkali hulainika akionjeshwa.

Kalamu Nyekundu: Onjesheni, lakini kipengele cha hasara kiandikwe kabla ya milioni 9 za pili kuingia.