Ushauri: miezi 1200 badala ya 120. Ni kosa la nyuma au tubadili makadirio tu?

Karani wa Ziwa:
Wakuu, habari za majukumu. Niko kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, Kanda ya Ziwa, tunafunga hesabu za 31 Desemba 2024. Tuna mambo mawili mezani, na meneja wa fedha anataka yote mawili yapite mlango mmoja.

La kwanza, mtambo wa kugandishia. Tuliununua Januari 2022 kwa milioni 600, na sera yetu iliyopitishwa na bodi inasema mitambo ni miaka 10, hakuna thamani ya mabaki. Kwenye rejesta ya mali, safu ya maisha ya matumizi inajazwa kwa miezi. Aliyeingiza kaandika 1200 badala ya 120. Kwa hiyo uchakavu umekuwa laki 5 kwa mwezi badala ya milioni 5. Mwaka 2022 tumekata milioni 6 badala ya 60, na 2023 hivyo hivyo. Nimeliona wiki iliyopita nilipokuwa najiuliza mbona mtambo wa miaka mitatu bado unasoma karibu bei ya dukani.

La pili, malori ya baridi. Yalinunuliwa Januari 2021 kwa milioni 320, tukayapa miaka 5. Sasa mkuu wa usafiri anasema yatafika mwisho wa 2028 bila wasiwasi.

Meneja anasema tuandike "tumepitia upya maisha ya mali", tusonge mbele, 2023 tusiiguse. Mkaguzi kakataa la mtambo. Nani yuko sahihi?

Pwani_Debiti:
Mkaguzi yuko sahihi, ila kazi ni ndogo kuliko unavyodhani. Makosa ya nyuma yanaenda kwenye faida iliyolimbikizwa. Mwaka huu debiti faida iliyolimbikizwa milioni 108, krediti limbikizo la uchakavu milioni 108. Umemaliza, nenda kanywe chai. Sisi tumefanya hivyo miaka yote.

Bi Mizania:
Pwani, ingizo lako ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo anayoulizia mkaguzi.

Karani, jiulize swali moja: siku mlipotia saini hesabu za 2022, ukweli ulikuwepo ofisini? Ulikuwepo. Sera ya bodi ilisema miaka 10, na hakuna aliyekaa akakadiria miaka 100, ni kidole tu kilichobonyeza sifuri ya ziada. IAS 8 inaita hilo kosa la kipindi kilichopita: taarifa sahihi ilikuwepo, ikatumika vibaya. Makadirio yanabadilika pale mnapojua jambo jipya ambalo jana halikuwepo.

Angalia ujanja wa meneja unavyofanya kazi. Mwisho wa 2023 mtambo unasoma milioni 588 kwenye vitabu. Akigawa kwa miaka 8 iliyobaki anapata milioni 73.5 kwa mwaka badala ya 60. Maana yake milioni 108 za miaka miwili iliyopita anazipakia miaka minane ijayo, milioni 13.5 kila mwaka, na faida ya 2023 inabaki imenenepa kwa milioni 54 mbele ya macho ya msomaji.

Njia sahihi: safu ya 2023 ndani ya hesabu za 2024 inaandikwa upya, na juu yake mnaweka neno "imerekebishwa". Uchakavu wa 2023 unakuwa 60. Ya 2022 iko kabla ya safu ya linganishi, kwa hiyo inashushwa kwenye salio la kuanzia la 1 Januari 2023. Ya 2024 inakatwa 60 kama kawaida, haibebi mzigo wa mtu. Pwani, ukitupa 108 yote kwenye salio la kuanzia 2024, msomaji akilinganisha 2023 na 2024 ataona uchakavu umeruka kutoka 6 kwenda 60 na kudhani mmenunua mtambo mwingine.

Mzee wa Vocha:
Jamani, mimi naona mnazunguka. TRA wakiona mmebadilisha faida ya 2023 si watawafungulia jalada? Kaeni kimya.

Bi Mizania:
Mzee, TRA hawatumii uchakavu wa kwenye vitabu. Mtambo una posho yake ya kodi kwa daraja lake, na ule wa vitabu unarudishwa kwenye ukokotoaji. Kama posho ilidaiwa sawasawa, kodi ya 2022 na 2023 haiguswi. Kinachosogea ni kodi iliyoahirishwa: asilimia 30 ya 54 ni milioni 16.2 kwa kila mwaka. Kwa hiyo salio la 1 Januari 2023 linashuka kwa 37.8, faida ya 2023 baada ya kodi inashuka kwa 37.8 nyingine, jumla 75.6. Pwani naye alisahau hilo.

Karani wa Ziwa:
Faida ya 2023 kabla ya kodi tulitoa milioni 310, sasa itasoma 256. Ndiyo kinachomkosesha meneja usingizi, benki ina nakala.

Bi Mizania:
Hakuna pa kujificha hapo: 54 juu ya 310 si kitu cha kuita kidogo. Na kama mnatumia viwango kamili, mtaweka mizania ya tatu, ya 1 Januari 2023. Wa viwango vya kampuni ndogo na za kati hawadaiwi hiyo. Benki waambieni ninyi kabla hawajasoma wenyewe kwenye maelezo.

Fundi Asset:
Naomba kuingiza langu. Mimi nina pikipiki 11 zimeshafika sifuri kwenye vitabu tangu 2022 na bado zinapeleka mizigo kila siku. Nirudishe uchakavu wa zamani nizipe thamani?

Bi Mizania:
Hilo ni uzi wake, Fundi. Kwa kifupi, usiurudishe kwa sababu tu zinatembea. Lakini kama hamkuwahi kupitia maisha ya mali kila mwisho wa mwaka kama IAS 16 inavyotaka, utaulizwa kwa nini.

Karani, malori sasa. Mwisho wa 2023 yamebaki na milioni 128. Kama ushahidi wa kufika 2028 umekuja mwaka huu, gawa 128 kwa miaka 5: milioni 25.6 kwa mwaka badala ya 64, kuanzia 2024. Ya 2023 msiiguse. Andikeni kwenye maelezo kwamba makadirio yamebadilika na athari yake ni 38.4 mwaka huu.

Karani wa Ziwa:
Kuna kitu sikukisema. Kwenye faili la usafiri nimekuta dokezo la Novemba 2022, mkuu wa usafiri anaandika malori yatafika miaka 8. Hesabu za 2022 zilisainiwa Aprili 2023.

Pwani_Debiti:
Basi na hilo ni kosa! Ukweli ulikuwepo ofisini, maneno yako mwenyewe Bi Mizania.

Bi Mizania:
Taratibu. Dokezo la mtu mmoja ni maoni mpaka liwe na kitu nyuma yake. Lina kilomita? Lina kumbukumbu za matengenezo, bei za kuuzia malori ya umri huo? Kama ni sentensi moja tu, mimi ningebaki kwenye makadirio.

Pwani_Debiti:
Na kama lina hizo kilomita?

Bi Mizania:
Hapo sitabishana nawe. Karani, lilielekezwa kwa nani?

Karani wa Ziwa:
Kwa meneja wa fedha. Kuna kiambatisho kimetajwa, kurasa tatu, ila hakimo kwenye faili. Kesho naenda gereji kukiulizia.