Kifungu kinasema dawa nitauza mimi peke yangu, na jirani amefungua kaunta ya dawa

Ninaandika nikiwa na hasira. Nina duka la dawa katika jengo la maduka hapa Nairobi, kwa mkataba wa miaka sita na kodi ya shilingi 180,000 kwa mwezi. Mkataba unasema kwamba mwenye jengo hatampangisha mwingine yeyote kwa biashara ya dawa, na kwamba ikitokea hivyo, kodi yangu itashuka hadi nusu baada ya notisi ya siku 30. Mwezi Machi duka la vipodozi la mlango wa pili lilifungua kaunta ya dawa. Nilimwarifu meneja kwa WhatsApp, mwezi uliofuata nikalipa 90,000, naye akajibu kwamba mwenye kosa ni jirani na kwamba ataleta dalali achukue bidhaa zangu. Je, nimshtaki jirani?

Mpangaji Mkongwe: Nenda kwenye lile baraza la kodi za maduka, ni rahisi kuliko mahakama.

Wakili wa Kando: Huenda baraza lisikusikilize, ndugu, kwa kuwa mkataba ulioandikwa wa zaidi ya miaka mitano huwa nje ya mamlaka yake, isipokuwa una kifungu cha kuuvunja kabla ya miaka hiyo bila kosa la mtu. Jirani hukuandikiana naye chochote, hivyo anayewajibika kwako ni mwenye jengo. Dai uone mkataba wa jirani: ukiwa unamkataza kuuza dawa, mwenye jengo atajitetea kwamba amedanganywa, nawe utamdai amzuie, hata kwa amri ya mahakama; mkataba huo usipomkataza, mwenye jengo hana pa kujificha. Lakini je, mkataba wako unakubali notisi ya WhatsApp? Kama unataka barua, siku 30 hazijaanza kuhesabiwa, na ile 90,000 uliyobakiza ni deni analoweza kulikamatia mali. Ilipe leo, ukiandika kwamba unalipa huku ukipinga.

Mama Viatu: Mimi nilipunguziwa kodi supamaketi kubwa ilipohama, maana mkataba ulisema hivyo. Miezi minne baadaye wakaleta duka la samani, kodi ikarudi palepale, kwa sababu kifungu kilisema "supamaketi au mpangaji mkuu mwingine". Anayenunua kochi hapitii kwangu kuchukua ndara.

Mpangaji Mkongwe: Mama, huyu analalamikia dawa.

Mwenye uzi: Mkataba wangu unataka barua ya mkono kwa mkono, nami nimeipeleka leo pamoja na salio, japo kwa uchungu. Jirani amenionyesha mkataba wake, uliotiwa saini mwaka mmoja baada ya wangu: "vipodozi na bidhaa za afya". Aliyeandika maneno hayo ni mwenye jengo mwenyewe. Katika mkataba wangu kipo pia kifungu kinachomruhusu kunitoa mwaka wa nne akitaka kulijenga upya jengo. Wakili, hicho kinanirudisha kwenye baraza?

Wakili wa Kando: Huenda. Nitumie maneno yake kamili kabla sijajibu.