Nahamisha mshahara kwenda benki nyingine, naogopa hela isije ikapotea njiani

Mama Kimara
Habari za saa hizi wakuu. Nafanya kazi Kurasini, miaka minne mshahara unaingia benki ileile, sasa tawi nililozoea limefungwa na kila nikiwa na shida nakaa foleni Posta nusu siku, kwaiyo nimefungua akaunti benki nyingine hapa Mbezi nataka mshahara wa mwezi huu uingie huko. Kinachonitisha, mwenzangu alibadilisha akaunti mwezi wa tatu, hela yake haikuonekana wiki mbili na nusu na mwenye nyumba anamgongea mlango. Mi napokea laki nane na sabini mkononi na tarehe 1 nina ada ya mtoto. Naandika barua tu inatosha? Na nitajuaje kama wamebadilisha kweli kabla siku ya mshahara haijafika?

Kijana wa Tabata
Dada usijipe presha, mi nilituma imeli kwa mhasibu nikaambatanisha picha ya kadi mpya ya benki, siku ya pili akanijibu tayari. Andika mapema tu.

Bwana Peiroli
Mkuu wa Tabata kwenye kuwahi uko sahihi, lakini picha ya kadi hapana. Zile namba 16 zilizo mbele ya kadi ni za kadi, sio za akaunti, mi naandaa mishahara ofisini nimeshaletewa hivyo mara nyingi. Dada nenda benki wakupe barua yenye muhuri, au stetimenti, inayoonyesha jina lako, namba ya akaunti na tawi.

Imeli peke yake nikiipata mimi sibadilishi kitu, maana kuna wezi wanaandika kwa jina la mfanyakazi "naomba mshahara uende akaunti hii", mwenyewe hajui chochote mpaka mwisho wa mwezi. Nampigia mtu kwa namba iliyopo kwenye faili lake, sio iliyoandikwa kwenye imeli. Ofisi yako ikikupigia kuuliza usione usumbufu, na wasipokupigia nenda mwenyewe.

Sasa yule mwenzako. Ofisi nyingi zinaandaa orodha ya mishahara kwenye Excel, na ukichapa namba inayoanza na sifuri kwenye seli ya kawaida, sifuri inaondoka yenyewe, namba ya tarakimu 13 inabaki 12. Benki haiikuti hiyo akaunti, hela inarudishwa kwa mwajiri, afu inasubiri mtu agundue. Hiyo ina afadhali. Mbaya zaidi ni tarakimu mbili zikipishana na namba ikawa ya mtu mwingine, hapo benki haichomoi tu, inabidi mwenye akaunti atafutwe akubali.

Kwaiyo usimuulize mhasibu "umebadilisha?" maana atakujibu ndio. Mwambie akusomee kutoka kwenye orodha yake jina la benki, tawi na namba yote, we umeshika barua ya benki. Afu namba hiyo aliyokusomea itumie shilingi 1,000 kutoka akaunti ya zamani, uone kama inaingia kwako. Na uliza orodha inafungwa lini, kwangu ni tarehe 18, ukichelewa unasubiri mwezi unaofuata.

Mzee Mbagala
Benki gani hiyo? Angalia makato yao ya mwezi kwanza.

Dada Gongo la Mboto
Una mkopo kule kwa zamani? Mi nilikuwa nao, mwajiri alishasaini kwamba mshahara utapita kwao mpaka deni liishe, nikakataliwa mpaka nilete barua ya kutodaiwa. Bosi akasema hata bila mkopo kampuni ndo inachagua benki.

Bwana Peiroli
La mkopo ni kweli kabisa. La bosi silikubali, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 27 inasema mshahara ukilipwa benki ni kwenye akaunti aliyoitaja mfanyakazi.

Dada Gongo la Mboto
Kwenye karatasi sawa kaka, ila ukiwa na mkataba wa miezi sita nani atamwambia bosi kifungu?

Mama Kimara
Asanteni sana, mkopo sina. Leo nimepeleka barua, nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa, nikaomba anisomee. Namba ilikuwa sahihi yote ila jina la benki limebaki lile la zamani! Amerekebisha nikiwa nimesimama pale, nimetuma 1,000 na meseji imeingia.

Bwana Peiroli
Safi, kwa jina lile la benki mshahara ungerudi tu. Sasa akaunti ya zamani usiifunge mpaka mishahara miwili iingie kwenye mpya.

Mama Kimara
Siifungi. Ila orodha anasema inafungwa ijumaa na anayeidhinisha malipo yuko safari, hajui kama mabadiliko yangu yatapita bila sahihi yake. Nitarudi kwake alhamisi asubuhi.